Elfu mbili kwa mwezi: uanze ukiwa na miaka 25 au ungoje hadi 35?

Mpwa wangu ana miaka 25. Anafanya kazi kwenye ghala moja Eneo la Viwanda na amepanga chumba Umoja. Juzi alinijia na swali ambalo nadhani vijana wengi wa Nairobi wanalo. "Mjomba, baada ya kodi ya nyumba, nauli na chakula nabaki na elfu mbili hivi. Elfu mbili zitanifikisha wapi? Si afadhali ningoje mshahara upande, ndipo niweke pesa zinazoonekana?"

Sikumlaumu, kwa sababu swali lake lina uzito. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa chama chetu, na nimeona waliowahi wakafika na waliochelewa wakafika. Basi tukachukua karatasi na simu tukapiga hesabu ya watu wawili. Wa kwanza tulimwita Asubuhi, wa pili Alasiri. Hesabu ilitupa jibu tulilolitarajia, kisha ikatupa jingine ambalo mimi mwenyewe sikulitarajia.

Riba juu ya riba ni nini hasa

Chukua mtu anayeweka shilingi 2,000 kila mwezi. Ikifika Desemba ana 24,000. Tuseme pesa hizo ziko mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka. Kenya, riba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla haijakufikia, kwa hivyo katika ile 10 unabaki na 8.5. Hiyo 8.5 ndiyo tuliyoitumia kote. Ili hesabu isitusumbue, tulichukulia kwamba kila 24,000 inaanza kuzaa Januari inayofuata.

Mwaka wa pili, 24,000 za kwanza zinazaa 2,040. Ukiongeza 24,000 za mwaka huo, salio ni 50,040. Mwaka wa tatu riba inapigwa kwa 50,040 yote, nayo ni 4,253. Ukiichambua, 4,080 imetokana na pesa ulizoweka kwa mkono wako. Zile 173 zilizobaki zimezaliwa na ile riba ya 2,040 uliyoiacha humo. Shilingi 173 hazinunui hata chakula cha mchana mjini, na ndiyo maana miaka ya mwanzo inakatisha tamaa. Lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo inayokua mwaka baada ya mwaka, ilhali sehemu unayoweka wewe inabaki palepale.

Tutawapima kwa lipi

Tulikubaliana kuwauliza wote wawili maswali yaleyale: ametoa kiasi gani mfukoni, anapata nini mwishoni, inakuwaje riba ikishuka, ni kitu gani kinaweza kumharibia, na njia yake inamfaa mtu wa aina gani. Wote wanaweka 2,000 kwa mwezi kwa riba ileile, na wote tunawapima Desemba ya mwaka wanaotimiza miaka 54.

Asubuhi: anaanza na miaka 25, anaacha kuweka akiwa na 34

*Kinachotoka mfukoni.* Anaweka kwa miaka kumi tu, jumla 240,000. Baada ya hapo haongezi hata shilingi, ila pia hatoi.

*Anachopata.* Mwisho wa miaka kumi salio lake ni 356,042. Mpwa wangu alipoiona alisema, "Hiyo tu?" Nikamwambia atazame mwaka wa 11, mwaka ambao Asubuhi haweki chochote. Riba peke yake mwaka huo ni 30,264, yaani zaidi ya zile 24,000 alizokuwa akijinyima kwa mwaka mzima. Ni kana kwamba kuna mtu mwingine amechukua zamu ya kumwekea, tena anaweka zaidi yake. Kwa riba hii salio linajirudia mara mbili kila miaka minane na nusu hivi. Akitimiza 54, Asubuhi ana 1,820,105.

*Riba ikishuka.* Hapa ndipo pabaya kwake. Katika milioni 1.82 alizonazo, pesa zake mwenyewe ni 240,000 tu, kilichobaki chote ni riba. Tukarudia hesabu kwa asilimia 4, kiwango ambacho akaunti ya akiba ya kawaida ya benki inaweza kukupa, na Asubuhi akaishia na 631,365. Karibu theluthi mbili za salio lake zimetoweka bila yeye kukosea jambo lolote, ila kuziacha pesa mahali dhaifu. Na riba hubadilika kweli. Katikati ya 2024 hati za serikali za siku 91 zilikaribia asilimia 16, na kufikia katikati ya 2025 zilikuwa chini ya 9. Mtu anayeacha pesa kwa miaka thelathini atapita kwenye vipindi vingi vya namna hiyo.

*Kinachoweza kumharibia.* Mkono wake mwenyewe. Akiwa na miaka 34 na salio la laki tatu na nusu, watu wataanza kumwona mwenye nacho: kuna harusi, kuna kiwanja kinachouzwa Kitengela, kuna pikipiki. Tuseme anatoa 100,000 mwisho wa mwaka wa kumi. Anaona ametoa laki moja. Kwa hesabu ya mwisho ametoa 511,205, kwa sababu hiyo laki ilikuwa na miaka ishirini mbele yake ya kuzaa. Sisemi asitoe kamwe, maana kuna magonjwa na kuna misiba. Nasema akiba ya dharura ikae kando, kwenye mfuko wake tofauti, ili hii isiguswe kwa kila jambo.

*Inamfaa nani.* Anayeanza kazi akiwa bado anaishi kwao au hana wa kumlisha, na anayejua kwamba miaka ya thelathini na kitu itamletea karo na majukumu. Inamfaa pia mwenye kazi isiyotabirika, kwa maana akiweka mapema, miaka mibaya ikija hailazimiki kuwa miaka ya kuweka.

Alasiri: anaanza na miaka 35, anaweka hadi 54

*Kinachotoka mfukoni.* Miaka ishirini mfululizo, jumla 480,000. Ni mara mbili ya Asubuhi.

*Anachopata.* 1,161,048. Ametoa mara mbili na amepata pungufu kwa zaidi ya laki sita na nusu. Mpwa wangu akauliza swali zuri: je, akiendelea kuweka baada ya hapo, siku moja hatamfikia? Kwa riba hii, hapana. Siku Alasiri anaanza, riba ya Asubuhi peke yake tayari inazidi kile Alasiri anachoweka, kwa hivyo pengo linapanuka kila mwaka hata Alasiri asipokosa mwezi mmoja. Hali hiyo inashikilia mradi riba baada ya kodi iko juu ya asilimia 7.2 hivi, maana kwa kiwango hicho pesa hujirudia mara mbili ndani ya miaka kumi ambayo Asubuhi amemtangulia. Chini ya hapo, Alasiri anaweza kumfikia akivumilia.

*Riba ikishuka.* Yeye pia anaumia, ila kidogo kuliko Asubuhi. Kwa asilimia 4 anapata 714,674, na mtaona kwamba hapo amempita Asubuhi. Pesa zake nyingi ni za mkono wake, na za mkono hazishuki riba inaposhuka. Jambo hili watu hawalisemi wanapohubiri kuanza mapema. Mwanzo wa mapema katika akaunti inayolipa kidogo hauna nguvu ile inayotangazwa.

*Kinachoweza kumharibia.* Kukatika kwa mapato. Alasiri anahitaji miaka ishirini ya kuweka bila kuyumba, katika umri ambao watu wana watoto shuleni na wazazi wanaozeeka. Akipoteza kazi miaka mitatu, hana kitu cha zamani kinachomfanyia kazi kwa wingi. Asubuhi akipoteza kazi akiwa na 40, hesabu yake haibadiliki, mradi asiziguse.

*Inamfaa nani.* Anayejenga mapato kwanza: anayesomea ufundi, anayelipa ada ya chuo, anayeweka mtaji kwenye kibanda kinachorudisha zaidi ya asilimia 8.5. Inamfaa pia, na hili nalisema kwa moyo wote, mtu ambaye tayari ana miaka 35 au 40. Kwake swali la kuanza na 25 halipo tena, na 1,161,048 ni pesa.

Elfu mbili ya leo si elfu mbili ya miaka kumi ijayo

Hapa ndipo hesabu iliponikalisha kitako. Tulikuwa tumemwekea Alasiri 2,000 kwa mwezi, sawa na Asubuhi. Lakini Alasiri anaanza miaka kumi baadaye, na bei haziwezi kumngoja. Benki Kuu ya Kenya imewekewa lengo la mfumuko wa bei la asilimia 5, likiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5. Tukichukua hiyo 5, kitu cha shilingi 2,000 leo kitauzwa kama 3,260 baada ya miaka kumi. Mshahara nao, kwa mtu ambaye kazi yake haijakwama, utakuwa umesogea.

Kwa hivyo Alasiri anayeweka 2,000 akiwa na 35 anajinyima kidogo kuliko Asubuhi alivyojinyima. Tukamrekebisha aanze na 3,260 kwa mwezi, uzito uleule kwa bei za wakati wake, na abaki na kiasi hicho kwa miaka ishirini. Akaishia na 1,892,509. Amempita Asubuhi, ingawa si kwa mengi.

Mpwa wangu akacheka, akasema, "Basi mjomba, ningoje." Nikamwonyesha safu ya pili. Asubuhi ameweka kwa miaka kumi kisha akapumzika. Alasiri huyu aliyerekebishwa ameweka kwa miaka ishirini, jumla 782,400, akilinganishwa na zile 240,000. Mwezi kwa mwezi mzigo wa mwanzoni ulikuwa sawa, ila mmoja aliubeba muda mara mbili ya mwenzake. Kama una hakika kwamba utakuwa na kazi kutoka 35 hadi 54, Alasiri ni njia halali kabisa. Mimi, nikitazama watu wa rika langu tulioanza nao kazi Nairobi, ni wachache waliopita miaka hiyo ishirini bila kupumzishwa kazi, kuugua au kuuguza.

Mfumuko wa bei unagusa pia zile pesa za mwisho. Kwa asilimia 5, 1,820,105 za Asubuhi baada ya miaka thelathini zitanunua kile ambacho kama 421,000 zinanunua leo. Bado ni zaidi ya alichoweka, lakini asipange kustaafu kwa hizo peke yake.

Na yuko wa tatu ambaye hatukumpa jina, yule anayeanza na 25 na haachi hadi 54. Huyo hahitaji hesabu mpya. Unajumlisha ya Asubuhi na ya Alasiri wa kwanza, unapata 2,981,153, naye ametoa 720,000.

Jinsi ya kupiga hesabu yako mwenyewe

Ukiwa na programu ya jedwali kwenye simu, andika haya. Mstari wa kwanza unakupa salio baada ya miaka kumi ya kuweka 24,000 kwa mwaka. Wa pili unaliacha salio hilo likae miaka ishirini bila kuongezwa.

```
=FV(0.085,10,-24000)
=FV(0.085,10,-24000)*(1+0.085)^20
```

Kila palipo 0.085 weka riba yako baada ya kodi. Ikiwa umetangaziwa asilimia 12 na kodi bado haijatolewa, zidisha kwa 0.85, unabaki na 10.2. Uliza kila mara kama kiwango unachoonyeshwa ni kabla au baada ya kodi na ada.

Jambo jingine la kukagua ni kama riba yako kweli inazaa riba. Kwenye mfuko wa soko la fedha, riba huhesabiwa kila siku na kwa kawaida huongezwa kwenye salio bila wewe kufanya lolote. Hatifungani za serikali hulipa riba kila miezi sita, lakini inaingia kwenye akaunti yako ya benki. Usipoinunulia kitu kingine, italala hapo au utaila, na hesabu ya Asubuhi haitatimia. Kwenye chama cha akiba na mikopo, riba ya akiba hutangazwa mara moja kwa mwaka kwenye mkutano mkuu, nawe kwa kawaida ndiye unayeamua kuichukua au kuirudisha kwenye akiba. Nimeshuhudia wanachama wakiichukua kila mwaka kwa miaka mingi, halafu wakishangaa kwa nini salio lao halina tofauti na jumla ya walichoweka.

Njia rahisi ya kujua ni kuchukua taarifa za miezi miwili mfululizo ambayo hukuweka wala kutoa kitu. Kama kiwango hakikubadilika na idadi ya siku ni ileile, riba ya mwezi wa pili inapaswa kuwa kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Zikilingana hadi senti, riba yako inapigwa kwa mtaji peke yake.

Kwa hali yako

Kama una miaka 25 hivi, huna deni na unabaki na chochote kila mwezi, njia ya Asubuhi inakupa kitu ambacho hutaweza kukinunua baadaye, nacho ni ruhusa ya kusimama. Anza na hizo elfu mbili, lakini usizipeleke mahali panapolipa asilimia 4 ukatarajia miujiza.

Kama mapato yako yatabadilika sana ukisoma au ukiongeza mtaji, weka pesa huko kwanza bila kujiona mkosefu. Ila jiwekee mwaka kamili wa kuanza, na kiasi cha kuanzia kikue kulingana na bei. Alasiri anayengoja miaka kumi kisha akaweka elfu mbili zilezile ndiye anayepoteza.

Kama una 35 au zaidi, hesabu ya Alasiri ndiyo yako. Kazi yako kubwa ni kuulinda mfululizo wa miezi. Elekeza pesa zitoke moja kwa moja siku ya mshahara, na uwe na bima ya afya inayofanya kazi, kwa sababu hospitali ndiyo inayokatiza watu wengi katika umri huo.

Kama una watoto na wazazi wanaokutegemea na mwisho wa mwezi hakubaki kitu, kuna njia ya katikati. Weka 500 kwa mwezi sasa, na uongeze kiasi hicho pale mzigo unapopungua. Kila namba hapa inagawanyika. Robo ya 2,000 itakupa robo ya matokeo.

Na kama una mkopo wa simu, simama hapo kwanza. Mkopo unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiuhuisha mwezi baada ya mwezi, unakugharimu shilingi 9,000 kwa mwaka kwa kila 10,000. Akiba ya 10,000 kwa riba yetu inakupa 850. Hakuna mwanzo wa mapema unaoweza kuziba tofauti hiyo.

Mpwa wangu alikaa kimya nilipofika hapo. Kisha akafungua simu akanionyesha: anadaiwa 6,800, na ameuhuisha mkopo huo mara nne. Tukakubaliana kwamba elfu mbili za miezi minne ijayo zilipe deni hilo bila kukopa tena, na mwezi wa tano ziende kwenye mfuko wa akiba. Atakuwa bado hajatimiza 26.